Barafu Badala ya Nta

Kinyama kilichokatwa Lusewa kwenye kidonda cha mguu kisichopona huanza safari yake ndani ya kopo la formalini. Lusewa iko mashariki mwa Songea mjini, katika eneo lililomegwa na kuwa Wilaya ya Namtumbo. Kopo litapanda gari mpaka Songea, na pasipokuwa na mwanapatholojia wa kulipokea huko, litaendelea hadi Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja mbele. Litakaa njiani siku kadhaa, kwenye joto na mitikisiko, na kinyama kitafika salama. Formalini hushikanisha protini za seli, hivyo kila kitu kinabaki pale kilipokuwa mgonjwa alipokatwa. Inachodai ni mambo machache tu: iwe nyingi, mara kumi au zaidi ya ujazo wa kinyama, kinyama kiingie mara tu kinapotoka mwilini, na kopo liwe na mdomo mpana. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Kinyama kilichoingizwa kikiwa laini kwenye chupa ya mdomo mwembamba hutoka kikiwa kigumu kama kifutio cha shule, na hapo maabara haina la kufanya ila kuvunja chupa au kukatakata sampuli kuitoa.

Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa. Baada ya hapo maabara ina kazi moja kubwa, nayo ni kuondoa maji. Tishu ya binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na kitu chenye maji mengi hivyo hakikatiki vipande vyembamba, kisu kinakiponda. Kwa hiyo tishu hupitishwa kwenye alkoholi inayozidi kuwa kali hatua kwa hatua, kisha kwenye zailini inayoondoa alkoholi, kisha kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Mashine huifanya kazi hiyo usiku kucha. Asubuhi, pale palipokuwa na maji ndani ya seli pana nta, na nta ikipoa hukatika vizuri kwa unene wa mikroni tatu au nne, ambao ni mwembamba kuliko upana wa chembe nyekundu moja ya damu. Kipande kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, kinajinyoosha, kinaokotwa na slaidi, kinapakwa hematoksilini na eosini, na viini vya seli vinaonekana kwa rangi ya samawati, mwili wa seli kwa waridi.

Bloku ya nta iliyobaki haiozi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanapatholojia Gregory O'Conor, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alipitia saratani za watoto zilizokuwa zimekusanywa kwenye rejesta ya saratani ya huko. Akakuta karibu nusu yake ni limfoma, ikiwamo ile ya mataya ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameieleza mwaka 1958. Kazi ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu sampuli za miaka tofauti, kutoka hospitali tofauti, zilikuwa bado zipo na zinasomeka. Tutakapofika kwenye mipaka ya barafu, bloku hiyo isisahaulike.

Sasa kuna swali ambalo nta haiwezi kulijibu kwa wakati. Mgonjwa yuko mezani, tumbo liko wazi, daktari ameushika uvimbe mkononi na hajui kama aishie hapo au aendelee kutoa viungo vingine. Hawezi kusubiri mpaka kesho. Jibu analotaka ni la dakika ishirini, na njia ya kulipata ni kuacha kabisa ile kazi ndefu ya kuondoa maji. Maji yabaki humo humo, yagandishwe, na barafu yenyewe ishike nafasi ya nta. Ndiyo mbinu yote ya mkato wa kugandisha, na uzuri wake na ila zake zinatoka kwenye barafu hiyo hiyo.

Mbinu hii ilianza kuzoeleka chumba cha upasuaji mwaka 1905, katika Kliniki ya Mayo huko Rochester, Minnesota. William Mayo alitaka wanapatholojia wamwambie kama uvimbe ni saratani mgonjwa akiwa bado mezani, na Louis Wilson akalichukua jukumu hilo. Inasimuliwa kwamba aligandisha kinyama nje ya dirisha kwenye baridi ya Januari ya kule, akakikata, akakipaka rangi ya samawati ya methilini na kukisoma papo hapo. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake. Mwaka 1891 William Welch aligandisha kipande cha titi kwa ajili ya mgonjwa wa daktari Halsted huko Baltimore, lakini jibu lilichelewa na upasuaji ukaisha kabla halijafika. Leo kazi hufanyika ndani ya kriostati, ambayo kimsingi ni friza yenye kisu ndani yake. Kwa kawaida huwekwa nyuzi 20 chini ya sifuri na haizimwi. Umeme ukikatika bila jenereta kushika mara moja, unga wa barafu hujijenga kwenye kisu na reli zake, na mashine iliyopata joto huhitaji saa kadhaa kurudi pale ilipokuwa.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, tumwone hatua kwa hatua. Ni mama wa miaka 47 kutoka Lusewa. Tumbo limemvimba miezi mingi, ultrasaundi imeonyesha uvimbe wa ovari wa sentimita 18 wenye vyumba vingi vya majimaji, na amepewa rufaa mpaka hospitali kubwa yenye kriostati na mwanapatholojia. Nasisitiza hivyo viwili kwa pamoja, kwa sababu kriostati bila msomaji aliye zamu siku hiyo haina faida kwa mgonjwa. Na ni mama aliyesafiri kuifuata mashine. Kinyama chake hakiwezi kusafiri peke yake, kwani jibu lina thamani tu pale ambapo daktari wa upasuaji yupo, glavu mkononi, akilisubiri.

Simu kutoka chumba cha upasuaji inapigwa mapema, si uvimbe ukiwa tayari umeshatolewa. Ovari ya kushoto inafika maabara ikiwa kavu ndani ya beseni safi, imefunikwa shashi iliyoloweshwa kidogo tu. Haikutiwa formalini, na haikuzamishwa kwenye maji ya chumvi. Sababu ya hilo la pili ni nyepesi ukikumbuka barafu: tishu iliyolowa imefyonza maji ya ziada, na maji ya ziada ni fuwele za ziada.

Mwanapatholojia anaanza kwa macho na vidole, na hapa ndipo sehemu kubwa ya jibu hupatikana au hupotea. Anaangalia gamba la nje kama limepasuka. Anapaka wino juu yake ili baadaye ajue ukingo uko wapi. Anapasua, ute mzito kama utomvu unamwagika, na ndani yake kuna vyumba vidogo na vikubwa, vingi vikiwa na ukuta laini. Sehemu moja, yenye upana wa sentimita tatu hivi, ni ngumu na nyeupe. Anachukua vipande viwili kutoka hapo, na kimoja kutoka ukuta wenye vinundu. Kila kipande hakizidi upana wa sentimita mbili na unene wa milimita tatu mpaka tano, maana kipande kinene huganda nje haraka na katikati polepole.

Kipande kinalazwa kwenye kishikio cha chuma kilichopakwa jeli nzito ya kugandishia, kisha kinafunikwa kwa jeli hiyo hiyo. Kishikio kinawekwa juu ya ubao wa chuma ulio baridi sana ndani ya kriostati, na juu yake kinashushwa chuma kingine baridi. Jeli inageuka kutoka angavu kuwa nyeupe ndani ya dakika moja hivi. Maabara nyingine hutumia isopenteni iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Kutumbukiza tishu moja kwa moja kwenye naitrojeni hakusaidii kama mtu anavyodhani: naitrojeni huchemka inapogusa kitu chenye joto, na gesi inayotokea huizunguka tishu kama blanketi. Ugandaji hupungua kasi, na tishu mara nyingi hupasuka.

Sasa kukata. Fundi anazungusha gurudumu, kisu kinachuna uso wa bloku mpaka tishu yote inaonekana, kisha anaweka unene kwenye mikroni tano au sita. Kipande kinapotoka kinataka kujikunja, na kuna kioo chembamba kinachosimama milimita chache mbele ya kisu kuzuia hilo. Wengine wanakiacha kioo, wanakishika kipande kwa brashi ndogo ya rangi, wakikivuta kwa mwendo uleule wa mkono unaozungusha gurudumu. Kisha slaidi yenye joto la chumba inateremshwa juu yake bila kugusa kisu. Kipande kinaruka chenyewe. Sekunde moja kilikuwa juu ya chuma, sekunde inayofuata kimenata kwenye kioo, kimeyeyuka, kimetulia. Slaidi inaingia kwenye alkoholi saa hiyo hiyo. Ukichelewa sekunde chache tu kikakauka hewani, viini vya seli vitatanuka na kufifia, na hakuna rangi itakayovirudisha. Hematoksilini, maji, eosini, alkoholi, zailini. Dakika chache, na slaidi iko chini ya hadubini.

Anachoona mwanapatholojia wetu ni tezi zilizojaa ute, seli zimepangana tabaka mbili tatu, viini vimekua, lakini mahali popote kwenye vipande vitatu seli hazijavunja mpaka na kuingia kwenye nyama ya ovari. Anaripoti kwa simu moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji: uvimbe wa ute, angalau wa daraja la katikati kati ya usio saratani na saratani. Neno «angalau» amelipima. Daktari anatoa kilichobaki kufuatana na makubaliano aliyofanya na mama kabla ya upasuaji, anachukua sampuli za ngozi ya ndani ya tumbo, na anakikagua kidole-tumbo kwa makini, kwa sababu uvimbe wa ute kwenye ovari unaweza kuwa umetoka huko au kwenye utumbo.

Siku chache baadaye ripoti ya nta inatoka, na inasema ni saratani ya ute ya ovari, ya awali. Je, barafu ilidanganya? Hapana, na ni muhimu kuelewa kwa nini. Uvimbe wa sentimita 18 wa aina hii hukatwa bloku moja kwa kila sentimita, na wengi hushauri mbili kwa kila sentimita ukizidi sentimita kumi. Hiyo ni bloku kati ya 18 na 36. Mezani zilichukuliwa tatu. Eneo lenye saratani lilikuwa la milimita chache, upande mwingine wa uvimbe, na kwa jicho halikuwa na tofauti na jirani zake. Uvimbe wa ute una tabia hiyo ya kuwa na sehemu isiyo saratani, ya kati na ya saratani, zote kwenye mfuko mmoja, na dakika ishirini hazitoshi kuupitia wote. Ingekuwa uvimbe mdogo na mgumu tangu mwanzo mpaka mwisho, vipande vitatu vingetosha.

Kwa mama huyu jibu la «angalau» lilifanya kazi yake. Sampuli zilizohitajika kujua saratani imefika wapi zilichukuliwa siku ile ile. Kwa mgonjwa anayeishi karibu na hospitali, upasuaji wa pili ni usumbufu mkubwa. Kwa anayetoka Lusewa ni nauli upya, msindikizaji upya, shamba kuachwa msimu mwingine, na uwezekano wa kweli kwamba hatarudi kabisa. Ndiyo maana nashikilia kwamba mgonjwa wa mbali ndiye mwenye haki ya kwanza ya kufanyiwa mkato wa kugandisha anapofika hospitali inayouweza. Lakini kwa sababu hiyo hiyo asipewe jibu la haraka ambalo slaidi haikulibeba. Kuna jibu la tatu linaloruhusiwa, nalo ni kuahirisha: «nasubiri nta». Daktari wa upasuaji anayelikasirikia jibu hilo anamlazimisha mwenzake kubahatisha, na kiungo kilichotolewa hakirudishwi.

Tukiacha bahati ya kipande, kuna makosa yanayotokana na barafu yenyewe. Maji yakiganda polepole hujikusanya na kujenga fuwele kubwa zinazosukuma seli pembeni. Chini ya hadubini tishu inaonekana imetobolewa matundu meupe yenye ncha, seli zimebanwa kati yake kama ukuta uliopasuka. Mtu asiyezoea anaweza kudhani ni uvimbe wa majimaji, au kwenye ubongo adhani ni uvimbe wa maji kati ya seli. Namna ya kutambua ni kuangalia kama matundu yanafuata umbo la tishu. Ya fuwele hayafuati. Yanakata misuli, tezi na mishipa bila kubagua, na huongezeka kadiri unavyoelekea katikati ya kipande, kulikochelewa kuganda. Hata kwenye ugandishaji mzuri viini huonekana vikubwa kidogo na chembechembe zake zimefifia kuliko kwenye nta. Anayesoma barafu kwa macho ya nta ataona saratani mahali ambapo haipo.

Mafuta ni tatizo la namna nyingine. Hayana maji ya kutosha kuwa barafu, hivyo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri bado ni laini. Titi la mama wa makamo, lenye mafuta mengi, linapakaa kwenye kisu badala ya kukatika. Fundi hushusha joto hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na hata hapo vipande hutoka na matobo pale penye mafuta. Ubongo na ini, vyenye maji mengi, vinadai kinyume: baridi ikizidi vinakuwa kama glasi na kupasukapasuka, kwa hiyo joto hupandishwa kidogo. Mfupa haukatiki kabisa.

Na kuna maswali ambayo barafu haipaswi kuulizwa. Uvimbe wa tezi ya shingo ulio na gamba ni mfano mzuri. Kujua kama ni saratani mara nyingi kunategemea kuona mahali pamoja ambapo seli zimepenya gamba au zimeingia kwenye mshipa wa damu, na hilo huhitaji kulipitia gamba zima kwenye nta. Baka jeusi la ngozi linaloshukiwa kuwa melanoma nalo lisigandishwe, kwa kuwa unene wake, unaoamua matibabu yote, hupimwa kwa usahihi kwenye nta tu. Kitu kidogo cha milimita tatu au nne kisigandishwe pia: ukikimaliza kwenye kriostati, huna cha kuweka kwenye formalini. Mabaki ya kila kipande kilichogandishwa huyeyushwa, hutiwa formalini na kupitia nta ili jibu la haraka lilinganishwe na la kudumu. Maabara isiyofanya ulinganisho huo haijui inakosea wapi.

Kwa Ruvuma, mkoa wa Songea na Lusewa, na kwetu kwa jumla, ombi linaloleta hatari zaidi ni la matezi ya shingoni. Mgonjwa ana uvimbe wa limfu uliokaa wiki kadhaa, homa za jioni, amekonda. Mawili yanayogombea ni kifua kikuu na limfoma, na yote mawili yanakataa barafu. Limfoma inahitaji umbo kamili la tezi na rangi maalumu za kutambua protini za seli, na barafu huvuruga umbo hilo. Kifua kikuu ni hatari kwa fundi mwenyewe. Baridi haiui bakteria wake, huwahifadhi. Kisu kinachokata tishu mbichi hurusha vumbi laini, mikono ya fundi iko humo ndani na uso wake uko juu ya dirisha la mashine. Ikigundulika baadaye kwamba ilikuwa TB, kriostati lazima izimwe, iyeyushwe na kusafishwa kwa dawa, na siku hiyo hakuna mgonjwa mwingine atakayejibiwa.

Tezi hiyo inaweza kushughulikiwa vizuri bila kriostati, hata katika hospitali ya wilaya. Daktari anaitoa nzima badala ya kuchukua kipande, anaipasua katikati kwa wembe mpya akiwa amevaa barakoa inayozuia TB, na uso mbichi anaugusisha taratibu kwenye slaidi mbili bila kusugua. Moja anaitia kwenye alkoholi mara moja, nyingine anaiacha ikauke hewani, na zote mbili anaziandikia jina kwa penseli kwenye upande wenye ukungu, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwenye alkoholi. Kipande kidogo kinakwenda kwenye chombo kisafi kisicho na formalini kwa ajili ya kipimo cha vinasaba vya TB na kuotesha vijidudu. Sehemu kubwa inakwenda kwenye formalini, ikiwa imepasuliwa ili dawa ifike ndani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowekwa kwenye sehemu ya kugandisha ya friji ya kituo. Hapo ugandaji ni wa polepole kuliko wote, fuwele hukua kwa saa nzima, na tishu ikifika Dar es Salaam huwa matundu matupu ambayo hata nta haiwezi kuyaziba.

Kwenye fomu inayoambatana na kopo ziandikwe saa tezi ilipotolewa na saa ilipoingia kwenye formalini, muda ambao uvimbe ulikaa, homa, uzito uliopungua, hali ya VVU kama inajulikana, na dawa za TB kama ameshaanza kuzimeza. Mwanapatholojia atakayelifungua kopo hilo hatakuwa na mtu wa kumpigia simu chumba cha upasuaji.